Mtoto Asiyeandikwa Kwenye Fomu

Mratibu wa jamii alianza kwa swali lililonyamazisha ukumbi mzima: nani hapa ana mke, mume au mtoto aliyebaki nyuma na hakumtaja siku ya mahojiano? Hakuna mkono ulioinuka. “Sikutaka mnijibu,” akasema mama huyo, mwenyewe mkimbizi wa zamani kutoka Kivu Kusini. “Nilitaka kila mtu ajijibu moyoni, halafu tuzungumze.”

Ilikuwa jioni ya maelezo kwa wageni waliohamia Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Wengi waliokaa kwenye viti walikuwa Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale kabla ya kupewa makazi mapya. Walikuja na maswali ya kazi, nyumba na shule. Mratibu aliamua kuyaweka kando kwanza, aseme juu ya makosa ya fomu yanayotenganisha familia.

Kosa la kwanza ndilo zito kuliko yote. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu cha 117(9)(d), zinasema hivi kwa ufupi: mtu aliyekuwa wa familia yako ulipopata ukaazi wa kudumu, nawe hukumtaja ili naye achunguzwe, hahesabiwi tena kuwa wa familia unayoweza kuidhamini baadaye. Haijalishi kama ni mtoto wako wa kumzaa, wala kama vipimo vya damu vinathibitisha hivyo. Haijalishi pia kwamba hukuwa na nia ya kuja naye. Sheria inataka atajwe hata kama anabaki.

Kwa nini basi watu hawataji? Sababu alizozitaja mratibu zinajulikana na kila aliyeishi kambini. Kuna uvumi kwamba faili lenye watu wachache hutembea haraka. Kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye mke hajaambiwa. Kuna aliyepotea siku ya kukimbia, na wazazi wakaona ni heri kunyamaza kuliko kumwandika mtu wasiyejua kama yu hai. Na kuna anayezaliwa, au ndoa inayofungwa, baada ya mahojiano, wakati safari iko karibu na hakuna anayetaka kuisogeza mbele.

Juu ya hilo la mwisho mratibu alikaa kwa muda. Orodha ya familia haifungwi siku ya mahojiano. Mtu anaweza kuongezwa hadi kabla ya kuondoka kuelekea Kanada, ilimradi ofisi ya uhamiaji iarifiwe. Ndege inaweza kuchelewa kwa ajili hiyo. “Miezi 6 kambini inauma,” alisema, “lakini inahesabika.”

Kumtaja mtu kunafungua njia iitwayo dirisha la mwaka mmoja. Aliyetajwa bila kusafiri anaweza kuomba kumfuata mkimbizi aliyemtangulia, ombi likifika ndani ya mwaka 1 tangu huyo alipopata ukaazi wa kudumu. Kwa waliopewa makazi mapya kutoka kambini, ukaazi huo kwa kawaida huanza siku ya kutua. Njia hii ni ya mume au mke, mwenzi wa kuishi pamoja, na watoto wategemezi tu, yaani kwa kawaida walio chini ya miaka 22 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wazazi na ndugu hawamo.

Hapo ndipo kosa la pili linapojificha, maana mwaka hupita upesi kwa mtu anayejifunza lugha, anayetafuta kazi na anayepanga foleni za ofisi. Mratibu alitoa mfano wa baba aliyetua tarehe 14 Machi 2023, akiwa amemtaja vizuri mwanawe aliyebaki Uvira kwa bibi yake. Ombi la kijana likatumwa Februari 2024, siku zikiwa bado zipo. Likarudishwa Aprili, kwa sababu fomu ya maelezo ya familia, IMM 5406, haikuwa na sahihi. Ombi pungufu likirudishwa huhesabiwa kana kwamba halikuwahi kufika, na kufikia Aprili mwaka ulikuwa umekwisha.

Je, kijana huyo amepotea? La. Kwa kuwa alitajwa, baba bado anaweza kumdhamini kwa njia ya kawaida ya familia. Lakini njia hiyo ina ada, na kwa kawaida mdhamini hatakiwi kuwa anaishi kwa msaada wa serikali wa kujikimu, isipokuwa msaada unaotokana na ulemavu. Kwa familia iliyofika juzi, sharti hilo peke yake linaweza kula miaka.

Baada ya hapo alionyesha fomu zenyewe ukutani, akaonyesha kwa kidole mahali zinapokwama. Tarehe huandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Anayeandika siku na mwezi kwa mazoea ya nyumbani humpa mtoto mmoja siku mbili za kuzaliwa katika faili moja. Majina ya Kikongo nayo yana sehemu tatu, na mara nyingi ndugu wa tumbo moja hawana jina la ukoo linalofanana, ilhali fomu ina nafasi mbili tu. Ushauri wake: fuata mpangilio ulio kwenye karatasi za UNHCR, uutumie huohuo kila mahali, na tofauti iliyopo uieleze kwa barua fupi.

Fomu ya historia, IMM 5669, hutaka miaka 10 iliyopita isiyo na pengo hata la mwezi. Wengi huruka miaka ya kambini kwa kudhani kukaa bila ajira si jambo la kuandikwa. Inaandikwa: kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, mahali gani, na kwamba hukuwa na kazi. Na cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kinahitaji tafsiri ya mtu asiye wa familia. Binti wa shule, hata awe hodari vipi, hawezi kutafsiri cheti cha baba yake.

Mzee mmoja alinyanyuka. “Mama, na sisi ambao tayari tulinyamaza?”

Mratibu hakumficha. Kutoa maelezo ya uongo kunaweza kumzuia mtu kwa miaka 5, na mwenye ukaazi anaweza kuupoteza. Hata hivyo, Septemba 2019 serikali ya Kanada ilianzisha mpango wa muda unaowaruhusu baadhi ya watu, wakimbizi wakiwemo, kumdhamini mwenzi au mtoto ambaye hakutajwa, na mpango huo umeongezewa muda zaidi ya mara moja. Hauwafai ambao ukweli ungewanyima ukaazi tangu mwanzo. “Mzee wangu, kabla ya kuutegemea, tuulize kama bado upo,” alimwambia. “Na usitunge hadithi ya pili kufunika ya kwanza. Andika nini kilitokea na kwa nini, kisha ambatisha ushahidi: cheti cha kuzaliwa, risiti za pesa ulizomtumia mtoto, picha, ujumbe wa simu.”

Alimwonya pia asimlipe mtu yeyote anayejiita wakala. Anayetoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji Kanada lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa au mshauri mwenye leseni, na majina yao hupatikana katika orodha za wazi. Mashirika ya kupokea wageni husaidia kujaza fomu hizi bure. Mwishoni aliwataka wote watoe hati zao za ukaazi wa kudumu, wasome tarehe ya kutua, na wenye miezi isiyozidi 3 iliyobaki waje mbele kwanza.