Chokoleti, Nobeli na Kalamu Nyekundu

Mwaka 2012, daktari wa moyo Franz Messerli alichapisha makala fupi, yenye chembe ya mzaha, katika jarida la tiba The New England Journal of Medicine. Alichukua nchi 23, akaangalia kila mtu hula chokoleti kiasi gani kwa mwaka kwa wastani, kisha akahesabu nchi hizo zina washindi wangapi wa Tuzo ya Nobeli kwa kila watu milioni 10. Alipoziweka nukta kwenye grafu, zilipanda kutoka chini kushoto hadi juu kulia, Uswisi ikiwa kileleni. Kipimo cha uhusiano, kinachoandikwa r, kilikuwa 0.791. Kwa kuwa r haiwezi kuzidi 1, huo ni uhusiano mkubwa.

Takwimu hizi zinafaa sana kwa swali la mtihani. Tuseme mwanafunzi amejibu hivi: “Uhusiano ni chanya na una nguvu. Nchi ikiongeza kilo 0.4 za chokoleti kwa kila mtu kwa mwaka, itapata mshindi mmoja zaidi kwa kila watu milioni 10. Kwa hiyo chokoleti inaongeza akili.”

Msahihishaji mwenye haraka atalikata jibu lote. Anayelisoma sentensi kwa sentensi ataona mambo matatu tofauti.

Sentensi ya kwanza ni sahihi, na inastahili alama zake. Ya pili ina tarakimu sahihi: kilo 0.4 kwa mshindi mmoja ndio mteremko wa mstari aliouchora Messerli. Kasoro iko kwenye “ikiongeza” na “itapata”. Hakuna nchi iliyofuatiliwa ikibadili ulaji wake. Kilichofanyika ni kulinganisha nchi moja na nyingine. Mwanafunzi alipaswa kuandika kwamba nchi ambayo watu wake hula kilo 0.4 zaidi huwa, kwa wastani, na mshindi mmoja zaidi kwa kila watu milioni 10. Dai la sababu mara nyingi hujificha kwenye vitenzi kama hivi, kabla hata mwanafunzi hajafika kwenye hitimisho.

Sentensi ya tatu imeruka mara mbili. Imetoka kwenye uhusiano ikatua kwenye sababu, kisha ikatoka kwenye tuzo ikatua kwenye akili, ambayo hakuna aliyeipima.

Kuandika pembeni “uhusiano si sababu” hakumsaidii sana mwanafunzi, kwa sababu msemo huo unakaririka bila kueleweka. Afadhali aulizwe maswali yanayotoka ndani ya takwimu zenyewe. La kwanza ni la wakati: Nobeli zilianza kutolewa mwaka 1901, na Messerli alihesabu washindi wa miaka yote, lakini takwimu zake za chokoleti ni za kati ya 2002 na 2011. Chokoleti iliyoliwa 2010 haiwezi kumpa mtu tuzo ya 1921. La pili ni nani alikula: wastani wa nchi hausemi kama washindi wenyewe walionja hata kipande, jambo ambalo Messerli mwenyewe alilikiri. La tatu ni kitu kingine kinachoweza kuvuta pande zote mbili. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni utajiri: nchi tajiri humudu chokoleti, na humudu pia vyuo vikuu na maabara.

Kuna mtego mwingine kwenye r ikizidishwa kwa yenyewe. 0.791 inatoa takriban 0.63, na wengi huandika kwamba chokoleti imesababisha asilimia 63 ya tuzo. Maana yake ni kwamba asilimia 63 ya tofauti zinazoonekana kati ya nchi zinaendana na mstari huo; nini kimezileta, namba hiyo haisemi. Uswidi ilikataa kabisa kukaa kwenye mstari: kwa ulaji wake wa kilo 6.4 ilikadiriwa kuwa na washindi wapatao 14, nayo ilikuwa nao 32.

Yupo pia mwanafunzi anayekosea upande wa pili, akiandika kwamba kwa kuwa huu ni uhusiano tu, chokoleti haina athari yoyote. Naye akoseshwe, maana grafu haikanushi sababu kama isivyoithibitisha. Uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu navyo vilianza kama uhusiano. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walilinganisha wagonjwa wa hospitali za London, na kuanzia 1951 wakawafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka mingi. Uvutaji ulirekodiwa kabla ya ugonjwa kutokea, waliovuta zaidi walikufa zaidi kwa saratani hiyo, na hatari ilipungua kwa walioacha. Mwanafunzi anayetaka kudai sababu aulizwe ana nini cha aina hiyo mkononi, mbali na r.