Muziki Umezimwa, Betri Inaendelea Kuliwa

Kila Jumatatu asubuhi, Toyota IST moja ya Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa haiwaki mpaka ishtuliwe kwa betri ya jirani. Siku nyingine iliwaka bila shida. Mwenyewe alinunua betri mpya, lakini baada ya wiki mbili mambo yakawa yaleyale.

Fundi umeme aliyepelekewa gari aliuliza kwanza ni kitu gani kilichoongezwa. Akajibiwa: amplifaya ya muziki, imefungwa kwenye buti.

Alichomoa waya wa hasi wa betri, akaiweka mita katikati ya waya na betri, ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Milango ikafungwa, ufunguo ukatolewa, wakasubiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. (Mita ikiwa hapo, usijaribu kuwasha gari, starta itaiunguza.) Gari lililolala kwa kawaida huvuta chini ya ampea 0.05. Hili lilivuta 0.82.

Hapo ndipo siri ya Jumatatu ilipofichuka. Usiku mmoja wa saa 11 hula kama ampea-saa 9, na betri ya ampea-saa 45 huweza kuvumilia. Kuanzia Ijumaa saa 1 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 59, na mzigo huo ungehitaji zaidi ya 48. Betri haina hizo.

Fundi akachomoa fyuzi moja moja. Ya redio ilipotoka, mita ikashuka hadi 0.03. Fundi mwenye haraka angeilaumu redio na kuishia hapo. Huyu aliirudisha, kisha akachomoa fyuzi ya amplifaya iliyo karibu na betri. Mita ikashuka tena. Fyuzi mbili, mzigo mmoja: palikuwa na waya unaoziunganisha. Ndani ya buti, taa ya amplifaya ilikuwa inawaka na bodi yake ina vuguvugu, ufunguo ukiwa mfukoni.

Amplifaya hupata umeme wake mkuu moja kwa moja kutoka kwenye betri, na hilo si kosa. Kinachoiamsha ni waya mwembamba unaotoka kwenye redio. Hapa aliyeifunga aliusokota kwenye waya wa njano, ambao huwa na umeme saa zote. Fundi aliuhamishia kwenye waya wa buluu wenye mstari mweupe, unaotoa umeme redio inapowashwa tu, akaulehemu na kuufunga tepu. Mita ikasoma 0.03.

Kamera ya dashibodi nayo hukosewa hivyohivyo: huchomekwa kwenye fyuzi isiyozimika. Ihamishiwe kwenye fyuzi inayokufa ufunguo unapotolewa. Alamu ni tofauti, kwa kuwa lazima iwe macho usiku kucha. Ikivuta kupita kiasi, chombo chenyewe ndicho kibovu.

Ukifungiwa muziki, kabla ya kulipa toa ufunguo, funga milango, subiri kidogo, kisha utazame taa ya amplifaya. Ikiwa bado inawaka, kazi haijaisha.