Klorini Yatoka Hapa, Naitrojeni Yaingia Pale

Klorobenzeni ni kimiminika kigumu kubadilika. Klorini yake imeshikamana na pete ya kaboni sita, na mawingu ya elektroni ya pete hiyo huwafukuza wavamizi wenye elektroni nyingi. Ukiipasha moto kidogo pamoja na magadi makali, hakuna kinachotokea. Lakini itie kwenye amonia ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri, kisha ongeza potasiamu amaidi, ambayo ni besi kali kuliko magadi yoyote. Klorini hutoka upesi, na mahali pake hupatikana kikundi cha amino. Zao hilo huitwa anilini.

Mtu angedhani kwamba amino imekaa palepale ilipotoka klorini. Wanakemia walikwisha kuona dalili kwamba mambo hayako hivyo, kwa sababu baadhi ya misombo ya aina hii ilitoa mazao ambayo amino imehamia kaboni ya jirani.

Mwaka 1953, John D. Roberts na wenzake walichapisha jaribio lililofumbua jambo hilo. Walitengeneza klorobenzeni ambayo kaboni iliyobeba klorini ilikuwa kaboni-14, yenye mnururisho, kama mfugaji anavyotia alama sikio la ng'ombe wake ili amtambue popote aendapo. Baada ya kuibadilisha kuwa anilini, waliivunja molekuli hatua kwa hatua ili waione alama ilipo. Karibu nusu ya molekuli zilikuwa na amino kwenye kaboni yenye alama. Nusu nyingine zilikuwa nayo kwenye kaboni ya pembeni yake.

Mgawanyo huo una maana moja: katikati ya safari, kaboni hizo mbili zilikuwa sawasawa kabisa, na amino haikuwa na sababu ya kuipendelea mojawapo.

Mwendo wenyewe ni huu. Kwanza besi hainyakui klorini, bali hunyakua hidrojeni iliyo kwenye kaboni jirani na ile yenye klorini. Jozi ya elektroni iliyobaki hapo huisukuma klorini itoke. Pete inabaki imepungukiwa na vitu viwili, na kaboni hizo mbili hushikana kwa kifungo cha ziada, mithili ya kifungo cha tatu. Molekuli hii ya muda ndiyo benzaini. Kifungo chake cha ziada ni dhaifu, kwa kuwa umbo la pete haliruhusu kaboni kukaa kwenye mstari ulionyooka, na mawingu ya elektroni hugusana kwa ubavu tu. Kwa hiyo amaidi huishambulia mara moja kwenye ncha yoyote kati ya hizo mbili, na amonia hurudisha hidrojeni kwenye ncha ya pili. Kwanza kuondoa, kisha kuongeza.

Katika klorobenzeni ya kawaida mtu hawezi kuona tofauti, maana anilini ni ileile. Tofauti huonekana pete ikiwa na kikundi kingine. Chukua para-klorotolueni, yaani pete yenye methili kwenye kaboni ya 1 na klorini kwenye ya 4. Hidrojeni hutolewa kaboni ya 3, na benzaini hukaa kati ya 3 na 4. Amino ikiingia kwenye 4, hupatikana para-toluidini. Ikiingia kwenye 3, hupatikana meta-toluidini. Mazao yote mawili hutoka, meta ikizidi kidogo. Ni isoma: atomi zilezile, mpangilio tofauti. Para-toluidini ni yabisi inayoyeyuka kwenye nyuzi 44 hivi, ilhali meta-toluidini ni kimiminika katika joto la kawaida.

Si kila mara mchanganyiko huja sawa. Orto-kloroanisoli ina kikundi cha methoksi kando ya klorini. Benzaini yake ina ncha mbili, moja ikiwa jirani na oksijeni ya methoksi. Oksijeni huvuta elektroni, hivyo chaji hasi hupenda kukaa karibu nayo, na amino hulazimika kwenda ncha ya mbali. Zao ni meta-anisidini karibu peke yake, ingawa klorini haikuwa kwenye nafasi ya meta.

Kuna pia kipimo rahisi cha kujua iwapo benzaini ndiyo iliyopita. Ukizijaza kaboni zote mbili zilizo jirani na klorini kwa methili, besi haina hidrojeni ya kunyakua, na mwendo huu haufanyiki hata kidogo. Na ikiwa pete ina kikundi cha naitro kwenye nafasi ya orto au para, badiliko linaweza kwenda njia nyingine, ambapo mvamizi huingia kwanza palepale penye klorini na hakuna isoma ya pili. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza isoma moja safi aangalie kwanza hidrojeni zilizo kandokando ya halojeni, ndipo achague besi.