Makunyanzi au mwanga wa simu? Jifunze kuusoma uso wako kwenye picha

Mzazi anayejipiga selfi saa saba mchana, jua likiwa utosini, anaweza kushtuka. Mistari ya chini ya macho inaonekana imezama na paji la uso limejikunja. Jioni akipiga nyingine sebuleni akitazama dirisha, mistari ileile haionekani. Ngozi haijabadilika, kilichobadilika ni mwanga.

Mwanga unaotoka juu au pembeni hutia kivuli ndani ya kila mkunjo, na ule unaotoka mbele hukifuta. Simu nyingi nazo hulainisha ngozi zenyewe, na kamera ikiwa karibu sana hukuza pua na kubadili umbo la uso.

Ukitaka picha za kulinganisha, nawa uso, zima filta, kisha simama ukitazama dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Mwombe mtu akupige kwa kamera ya nyuma akiwa umbali wa kama mita moja na nusu. Piga ya mbele, ya kulia na ya kushoto, na nyingine ukitabasamu. Rudia baada ya miezi mitatu, mahali palepale na saa ileile.

Unachotafuta

Mstari unaoonekana ukitabasamu na kupotea ukitulia ni wa misuli ya uso. Ukibaki hata umetulia, umeshajichora kwenye ngozi. Mistari myembamba inayofifia dakika chache baada ya kupaka mafuta huwa ni ukavu tu.

Kwa ngozi nyeusi, mara nyingi jua halianzi kwa makunyanzi. Huanza na rangi isiyolingana: madoa mashavuni, weusi kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Linganisha uso na ngozi ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, ambayo jua huifikia kwa nadra. Tofauti ya ulaini na rangi kati ya sehemu hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya jua.

Tuseme mama wa miaka 38 anaendesha gari kila siku kutoka Mbagala hadi Posta. Picha zake zinaonyesha shavu la kulia lina madoa mengi kuliko la kushoto. Umri ungegusa pande zote mbili sawa, kwa hiyo swali la kwanza ni dirisha la dereva, ambalo hapa kwetu liko kulia. Kioo cha kawaida cha pembeni huzuia mionzi ya UVB inayounguza, lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA, inayozama ndani na kuharibu nyuzi zinazoikaza ngozi. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye miaka 69. Upande wake wa kushoto, uliokuwa dirishani kwa miaka 28, ulikuwa umekunjamana mno kuliko wa kulia.

Kinachosaidia kweli

Cha kwanza ni losheni ya kujikinga na jua yenye SPF 30 au zaidi, inayozuia UVA na UVB. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya losheni kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati. Wengi hupaka robo yake na kusema haifanyi kazi. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili na vaa kofia pana. Mwenye madoa achague yenye rangi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza weusi.

Usiku nawa kwa sabuni isiyokausha, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa mistari iliyojichora, daktari anaweza kuandika krimu ya tretinoini. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, mara mbili kwa wiki mwanzoni. Matokeo huchukua miezi, na mjamzito au anayetafuta ujauzito haruhusiwi kuitumia.

Epuka mkorogo. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zilizomo hung'arisha kwa wiki chache, kisha ngozi hukonda, mishipa hujitokeza na weusi hurudi kwa nguvu. Kwenye picha za miezi mitatu utaona: uso unang'aa huku vifundo vya vidole na masikio vikibaki vyeusi.

Picha ina mipaka yake. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, au doa linalokua na kubadilika rangi, lipeleke kwa daktari wa ngozi bila kusubiri picha ya pili. Mwenye ualbino awahi zaidi.