Mapaja Mawili, Amri Mbili

Mhusika wa gemu akipigwa na kufa, injini humwachilia. Uhuishaji unazimwa, na mwili unakabidhiwa fizikia ukiwa vipande vigumu kumi na kadhaa vilivyoshikanishwa kwa viungo. Waundaji wa gemu huuita mwili huo ragdoli. Kila kiungo kina vikomo vyake: goti lisikunjike kwenda mbele, shingo isizunguke mpaka mgongoni. Mambo yakienda sawa, anaanguka na kutulia. Yakienda kombo, maiti hutetemeka sakafuni bila kukoma, au hufyatuka na kugonga dari.

Wengi huilaumu injini, ilhali mara nyingi injini inatii tu. Imepewa amri mbili ambazo haziwezi kutimizwa kwa pamoja.

Tuchukue mfano ninaokutana nao zaidi kwenye Unity: mapaja. Kila paja limefungwa kwenye nyonga kwa kiungo, na kwa kawaida vipande viwili vilivyofungwa pamoja havigongani, kwa hiyo paja likiingia kidogo ndani ya nyonga hakuna tabu. Lakini paja la kushoto halijafungwa kwenye la kulia. Yote mawili yamefungwa kwenye nyonga tu, hivyo yenyewe kwa yenyewe yanagongana. Mbunifu akiyapa maumbo manene ili yajaze suruali, yanaweza kupenyana sentimita 4 pale yanapokaribiana zaidi, tuseme sentimita 20 chini ya nyonga. Ili yaachane, kila paja lisogee nje sentimita 2. Mbili kwa ishirini ni karibu nyuzi 6. Sasa mbunifu yuleyule, kwa kuwa hataki miguu itanuke ovyo, ameweka kikomo cha kutanuka kuwa nyuzi 3. Hakuna mkao wowote unaoziridhisha kanuni hizo mbili.

Injini haijui hivyo. Kila sekunde 0.02 inazipitia kanuni zote moja baada ya nyingine, na kwa mpangilio wa kawaida wa Unity inarudia mzunguko huo mara 6. Kanuni ya mgongano inasukuma mapaja nje, kanuni ya kikomo inayarudisha ndani, na ile iliyoguswa mwisho ndiyo inayoshinda. Ni blanketi fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Kosa lililobaki linahamia hatua inayofuata, na huo ndio mtetemo unaouona.

Mlipuko unatokana na kasi. Kusahihisha sentimita 2 ndani ya sekunde 0.02 ni mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Mguu ukiwa umenyooka, unyayo uko mbali na nyonga kama mara nne zaidi, kwa hiyo unarushwa kwa mita 4 kwa sekunde. Njiani goti linagonga kikomo chake nalo linarusha sahihisho lake. Kila sahihisho linaongeza nguvu ambayo haikuwepo, mpaka mwili mzima unaruka.

Kutambua si kazi ngumu. Zima mvutano wa ardhi na uuache mwili ukielea hewani. Ukiendelea kutetemeka bila kugusa kitu, ugomvi uko ndani yake. Kisha pandisha mizunguko kutoka 6 hadi 30. Mtetemo ukipungua sana, kanuni zilikuwa zinapatana, ila injini haikupewa muda wa kutosha. Ukibaki vilevile, zinapingana, na hata mizunguko elfu haitasaidia. Mwisho, yazuie mapaja yasigongane:

```csharp
Physics.IgnoreCollision(pajaKushoto, pajaKulia);
```

Mwili ukitulia hapo, umempata mkosaji. Unaweza kuuacha mstari huo ubaki, lakini mimi napendelea kupunguza unene wa mapaja mpaka yasipenyane katika mkao wa kuanzia, maana miguu inayopitana kama moshi inaonekana vibaya. Kikomo nacho kipanuliwe. Mwongozo wa Unity wenyewe unaonya dhidi ya pembe ndogo: kiungo kipewe angalau nyuzi 5 hadi 15, au kifungwe kabisa kwa sifuri. Nyuzi 3 ni mtego, kwa sababu kiungo kinagonga ukuta wa upande huu, kinarudi, kinagonga wa pili.

Kuna hali moja ambayo mstari ule hautaigusa. Dereva anakufa mikono yake yote miwili ikiwa imefungwa kwenye usukani. Mabega, mikono na usukani vimeshafanya duara, na vikomo vya viwiko viwili vinadai umbali ambao usukani hautoi. Hapo hakuna mgongano wa kuzima. Fungua mkono mmoja kabla ya kuikabidhi fizikia mwili, na kifungo cha ule wa pili kiweze kukatika kikivutwa kupita kiasi.