Pikseli Zilizobaki: Picha ya Marehemu Ikuzwe Hadi Wapi?

Msiba ukiingia nyumbani, miongoni mwa mambo ya mwanzo yanayotafutwa ni picha ya marehemu. Mara nyingi hapatikani akiwa peke yake. Yuko kwenye harusi ya binti yake, katikati ya bwana na bibi harusi, mashemeji na glasi za soda. Kijana wa nyumbani anachukua simu, anawaondoa wote pembeni, anabakiza kichwa na kifua cha mzee, kisha anapeleka studio na kusema, "Tutolee kubwa, ya kuweka mbele." Kwenye kioo cha simu picha inapendeza. Ikitoka kwenye mashine, macho ya mzee yana ukungu na ndevu zimekuwa doa moja la kijivu.

Studio hupewa lawama, lakini kwa kawaida mashine haina kosa. Picha ilikwisha nyanyuliwa kuliko uwezo wake kabla haijafika kaunta, na jambo hilo lingeweza kujulikana mapema kwa kugawanya namba mbili tu.

Tuifuate picha moja ya namna hiyo tangu mwanzo. Imepigwa kwa simu ya kawaida na ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani nukta za rangi milioni 12. Hata simu nyingi zinazotangazwa kuwa na kamera ya megapikseli 50 hutoa picha za ukubwa huo huo zikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, kwa sababu huunganisha vihisi vinne vya mwanga kuwa nukta moja. Katika picha yetu wamesimama watu watano. Mzee ni wa pili kutoka kushoto. Baada ya kuondoa wengine kimebaki kipande chenye upana wa pikseli 900 na urefu wa 1200. Zidisha, utapata pikseli 1,080,000. Katika kila nukta 100 tulizokuwa nazo, zimebaki 9.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Ukitazama, kipande kile kina urefu unaokaribia nusu ya picha nzima, na upana wake ni kama robo, kwa hiyo mtu hudhani kapoteza kiasi tu. Lakini hasara ya upana na hasara ya urefu huzidishana. Ukipunguza kila upande kwa nusu, umebakiwa na robo ya picha, wala si nusu.

Kuziona namba hizo si kazi. Kwenye Google Photos fungua picha na uitelezeshe juu, au kwenye iPhone gusa alama ya herufi i, vipimo vitatokea. Kwenye kompyuta ya Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties kisha Details, usome mstari wa Dimensions. Hakikisha unasoma faili uliyokwisha kuikata, si ile ya mwanzo. Na unapoikata, hifadhi nakala mpya ili picha kamili ibaki salama, maana utaihitaji, kama tutakavyoona.

Sasa chukua ukubwa wa karatasi kwa inchi, kipimo ambacho studio zetu hukitumia, na ugawanye pikseli kwa inchi. Urefu wa A4 ni inchi 11.7. Pikseli 1200 ukizigawa kwa 11.7 unapata kama 103 kwa kila inchi. Kwenye picha ya 5 kwa 7, 1200 kwa 7 ni 171. Kwenye ile ndogo ya 4 kwa 6, ni 200. Ukitaka 300, kiwango ambacho wachapaji hukitaja kila siku, kipande chetu kinatosha inchi 3 kwa 4 tu, kadiri ya kiganja cha mkono.

Je, 103 ni mbaya? Inategemea mtazamaji atasimama wapi, na hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye picha alijue. Ile 300 haikutoka hewani. Jicho zima hushindwa kutenganisha nukta mbili zikikaribiana kupita kiasi, na kikomo hicho hubadilika kwa umbali. Kuna hesabu ya makadirio inayosaidia sana: gawa 8700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita, jibu ni pikseli kwa inchi ambazo jicho linahitaji. Picha iliyoshikwa mkononi, sentimita 30 kutoka machoni, inadai 290. Ndiyo asili ya 300. Picha iliyotundikwa ukutani na kutazamwa kutoka mita moja na nusu inadai 58 tu.

Kwa hiyo picha ya mzee kwenye A4, ikiwekwa ndani ya fremu juu ya kabati, itapendeza kwa mtu aliyekaa kwenye kochi. Picha hiyo hiyo akipewa bibi aishike mkononi, ataona ukungu. Sasa fikiria bango la A1 ambalo familia hulisimamisha karibu na jeneza. Urefu wake ni inchi 33.1, na kipande chetu kinatoa pikseli 36 kwa inchi. Kwa hesabu ya umbali, bango hilo litaonekana sawa kuanzia kama mita 2.4. Waombolezaji waliokaa kwenye viti watamwona mzee vizuri. Lakini wanaopita mbele kutoa heshima za mwisho, wakisimama hatua moja tu kutoka kwenye uso ule, wataona vimraba na kingo zilizolegea. Familia ndiyo hukaa karibu zaidi. Nadhani wao ndio wa kufikiriwa kwanza.

Pikseli za jumla zina udanganyifu wao, kwa hiyo hesabu kitu kimoja zaidi: uso. Katika kipande chetu uso wa mzee una upana wa pikseli 300 hivi. Zile nyingine zote ni koti, ukuta na mapambo ya ukumbi, ambavyo hakuna atakayeviangalia. Kwenye A4 uso huo utachapwa kwa upana wa sentimita 7 na zaidi kidogo. Kwenye 5 kwa 7 utakuwa kama sentimita 4 na nusu, na utaonekana safi zaidi ingawa faili ni lile lile.

Hapa pana njia ambayo wengi hawaifikirii. Rudi kwenye picha kamili ukate kwa upana zaidi, tuseme pikseli 1500 kwa 2000. Mabega ya majirani yataingia, basi fundi wa studio ayafute kwa kuyafunika na rangi ya ukuta wa nyuma, kazi ambayo mtu aliyezoea programu ya picha huifanya bila tabu pale ukuta unapokuwa mtupu. Sasa A4 ina pikseli 171 kwa inchi. Uso haukuongezewa nukta hata moja. Umechapwa mdogo zaidi, sentimita 4 na nusu, na nafasi iliyobaki imejazwa na kifua, mikono na ukuta. Familia imepata karatasi kubwa na mzee amebaki na sura yake. Kila linapowezekana, kitu kisichotakiwa ni bora kifutwe kuliko kukatwa.

Jihadhari na namba zinazosema uongo. Kijana akivuta picha kwenye kioo mpaka uso ujae, kisha akapiga picha ya kioo chenyewe, anapata faili lenye upana wa pikseli 1080 au zaidi. Linaonekana kubwa kuliko kipande chetu. Kumbe simu imezitandaza zile nukta chache na kujaza mapengo kwa kukadiria rangi za jirani. Hesabu ya kugawanya haiwezi kuugundua ujanja huo, ila jicho linaweza. Fungua picha kwenye kompyuta kwa asilimia 100, pikseli moja ya picha kwa moja ya kioo, utazame kope, nywele za ndevu na ukingo wa kola. Picha halisi ina kingo zinazoanza na kuishia mahali panapojulikana. Iliyotandazwa huwa laini kila mahali kana kwamba imepakwa mafuta. Kwa njia hiyo hiyo utagundua kama mpiga picha alitikisika au kama kamera ililenga ua la bibi harusi badala ya nyuso. Dosari hizo hazitibiwi na wingi wa pikseli.

Utasikia pia fundi akisema picha yako "ni 72", na mwingine akijitolea kuibadilisha iwe 300. Namba hiyo ni maandishi tu ndani ya faili yanayoiambia mashine ichape kwa ukubwa gani. Ikibadilishwa peke yake, pikseli zinabaki 900 kwa 1200 na kipimo cha karatasi ndicho kinachobadilika. Katika Photoshop, kwenye dirisha la Image Size, ondoa alama kwenye Resample kabla ya kuandika 300, utaona upana na urefu vikishuka hadi inchi 3 kwa 4. Huo ndio ukweli wa faili. Ukiiacha alama ile, programu itaongeza nukta za kubuni, na ukungu utabaki ule ule ndani ya faili zito zaidi.

Hasara kubwa kuliko zote mara nyingi hutokea kabla ya kukata. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na upande wake mrefu hubaki takribani pikseli 1600. Picha yetu ya 4000 kwa 3000 inakuwa 1600 kwa 1200, na kipande cha mzee kinakuwa 360 kwa 480. Uso wake sasa una nukta 120. Kwenye A4 ni pikseli 41 kwa inchi, na hakuna fundi awezaye kuurudisha uso huo. Tangu 2023 WhatsApp ina chaguo la HD ambalo hupunguza kidogo zaidi, lakini lililo salama ni kutuma picha kama faili, kwenye sehemu ya Document, kwa sababu huko hupita bila kuguswa.

Kabla ya kulipia bango, omba kipande cha majaribio. Kwa A4 yetu ya pikseli 103, kata sehemu ya macho na pua yenye pikseli 412 kwa 618 na uichape kwenye karatasi ya 4 kwa 6. Macho yatatoka kwa ukubwa ule ule yatakaokuwa nao kwenye A4. Liweke mahali fremu itakapokaa, simama watu watakaposimama, utazame. Karatasi isiyong'aa husamehe ukungu kidogo kuliko inayong'aa, kwa hiyo jaribu kwa karatasi utakayoitumia.

Kwa picha ya mzee wetu, agizo langu lingekuwa hivi: 5 kwa 7 kwa kila mtoto atakayetaka ya kushika, A4 iliyokatwa kwa upana kwa ajili ya fremu ya sebuleni, na bango la A1 lisiagizwe kabisa. Na kama aliyepiga picha ile bado anayo kwenye simu yake, mpigie leo umwombe faili kamili, kabla hajafuta kupata nafasi au kubadilisha simu.