Mende Mdogo wa Jikoni na Kifuko Anachokibeba

Ukiwasha taa ya jikoni usiku wa manane ukamwona mende mmoja mkubwa akikimbilia tundu la maji, na jirani yako wa ghorofa ya juu akawasha yake akaona ishirini wadogo wakitawanyika chini ya jiko la gesi, msidhani mna tatizo moja. Dukani mtauziwa kopo lile lile la kupuliza. Kwako huenda likatosha. Kwake, mende watapotea siku tatu nne, kisha watarudi, na mwenye duka atauza kopo la pili.

Duniani kuna aina zaidi ya 4,000 za mende, na karibu zote zinaishi porini bila kumjua binadamu. Zinazotusumbua majumbani ni chache mno. Yule mkubwa anayejulikana sana kwetu ni mende wa Kimarekani, ambaye licha ya jina lake asili yake ni Afrika. Ana urefu wa sentimita tatu na nusu hadi nne, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ile ngao iliyo nyuma ya kichwa chake imezungukwa na utepe wa manjano iliyofifia. Huyu ni mkazi wa chemba, shimo la choo na mifereji. Jikoni anakuja kutembea tu, mara nyingi kupitia bomba au chini ya mlango, na joto likizidi anaweza hata kuruka akakutua begani.

Mdogo ni mende wa Kijerumani. Urefu wake hauzidi sana sentimita moja na nusu, rangi yake ni kahawia hafifu, na juu ya ngao yake ana mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba kutoka kichwani kuelekea mabawani. Hiyo mistari ndiyo kitambulisho chake. Mabawa anayo lakini haruki.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: udogo peke yake si ushahidi, kwa sababu kila kombamwiko mkubwa aliwahi kuwa mdogo. Ukimkamata mdogo, kwanza mtazame mabawa. Mwenye mabawa kamili amekomaa, hakui tena. Asiye na mabawa ni mtoto, na hapo tazama mgongo: mtoto wa mende wa Kijerumani ni mweusi-mweusi mwenye mstari mweupe-mweupe katikati ya mgongo, ilhali mtoto wa yule mkubwa ana rangi moja isiyo na mistari. Yupo pia mdogo wa tatu, mwenye mikanda miwili hafifu iliyokatiza mwili. Huyo hupenda pakavu na pa juu, nyuma ya picha, ndani ya redio na runinga. Ukiwaona wadogo chumbani kuliko jikoni, mshuku yeye.

Lakini tofauti iliyo nzito kuliko zote iko nyuma ya tumbo la jike. Mende huyatia mayai yake katika kifuko kigumu. Jike wa Kimarekani hukibeba kifuko chake siku moja mbili tu, halafu hukigandisha mahali na kwenda zake. Ndani mna mayai kama 15, na watoto wake watachukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kufikia ukubwa. Kifuko kilichoachwa kinaweza kufagiwa, kukauka, au kuliwa na wadudu wengine.

Jike wa Kijerumani hakiachi chake. Hutembea nacho kikiwa kimechomoza nyuma yake, cha rangi ya kahawia hafifu na chenye mikunjo, kwa muda wa wiki tatu hivi. Mayai yanaendelea kunywa maji kutoka mwilini mwa mama, na ukikitenganisha mapema hukauka na kuharibika. Hukidondosha saa chache kabla ya watoto kutoka. Ndani mna mayai 30 hadi 40, na katika maisha yake jike huyo atabeba vifuko vinne mpaka vinane. Katika jiko lenye joto letu la pwani, kutoka yai hadi jike mwenye kifuko chake mwenyewe ni kama miezi mitatu.

Kwa mpambanaji na mende, habari hii ina ubaya wake. Dawa ya kupuliza haipenyi ndani ya kifuko. Na jike aliyebeba hula kidogo sana na hatoki sana mafichoni, kwa hiyo katika kundi lote yeye, aliye hatari kuliko wengine, ndiye anayekutana na dawa mara chache kuliko wengine. Mafichoni kwenyewe hakufikiki: mende aliyekomaa anajibana katika ufa wa milimita tano, na mtoto aliyetoka leo anaingia kwenye ufa wa milimita moja. Bawaba ya kabati, mkunjo wa mpira wa friji, kifuniko cha saa ya maikrowevu, vyote ni nyumba.

Wala hana kwingine kwa kwenda. Mende wa Kijerumani hajulikani kuishi popote porini. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokana na mende wa Asia miaka kama 2,100 iliyopita, huko India au Myanmar, akaanza kusafiri kuelekea magharibi miaka 1,200 hivi iliyopita pamoja na biashara na majeshi ya dola za Kiislamu, kisha akasambaa duniani kwa meli za Wazungu. Wajerumani wamebebeshwa lawama tu. Tangu hapo ameishi kwa kutegemea majiko yetu, na sumu zetu ndizo zimekuwa zikimchuja: wanyonge wanakufa, wagumu wanazaa.

Dawa nyingi za kopo, na ile chaki inayouzwa barabarani, zina sumu za kundi moja, kama saipamethrini na deltamethrini. Makundi mengi ya mende wa Kijerumani yamekwisha kuzizoea. Zaidi ya hapo, sumu hizo zinawakera, hivyo wale wasiokufa hukimbilia kabati jingine, chumba kingine au nyumba ya jirani. Uliyekuwa na kiota kimoja sasa una vitatu. Ndiyo maana mimi siamini fumigesheni ya kupuliza jiko zima mara moja na kuondoka, hata kama sakafu itajaa mizoga asubuhi. Mizoga ni ya waliokuwa nje. Chupa zisizo na lebo zinazouzwa kwa kipaza sauti sitazijadili. Kitu usichojua jina lake hakiingii panapopikwa chakula cha watoto.

Kinachofanya kazi ni chambo, yaani dawa ya jeli inayotoka kwenye bomba la sindano, yenye sumu kama fipronili au imidaklopridi iliyochanganywa na chakula. Mende anakula, anarudi kiotani, anafia huko. Watoto wadogo, ambao kwa kawaida hula kinyesi na mizoga ya wakubwa, wanaipata sumu wakiwa palepale ufani.

Hata hapo mende huyu alipata njia ya kuponea. Huko Florida, Marekani, chambo kilichokuwa kikiua vizuri kilianza kushindwa, na mwaka 1993 mtafiti Jules Silverman akaonyesha kisa chake: mende hao walikuwa wanaikataa glukosi, sukari iliyowekwa kuwavutia. Mwaka 2013 yeye na wenzake wakaeleza kinachotokea mdomoni: vihisi vinavyopaswa kupokea uchungu vilikuwa vinaitikia glukosi. Mende akionja sukari hiyo anasikia uchungu na kurudi nyuma. Tabia hiyo inarithiwa. Kwa hiyo ukiona matone ya jeli yamekauka bila kuguswa na mende bado wapo, usiongeze jeli ile ile. Nunua ya kampuni nyingine yenye sumu nyingine.

Tuseme mpangaji wa ghorofa ya tatu amenunua friji ya mtumba mwezi Januari, na nyuma yake, karibu na mota yenye joto na trei ya maji, amejificha jike mmoja mwenye kifuko. Wanatoka watoto 36. Nusu wakiwa majike, na wote wakiishi, mwezi Aprili majike 18 wanazaa 36 kila mmoja: 648, bila kuhesabu vifuko vingine vya bibi yao. Wengi hufa, ni kweli, ila ndiyo sababu mpangaji haoni kitu hadi Machi, na kufikia Mei anawaona mchana. Kuonekana mchana ni dalili kwamba mafichoni kumejaa.

Hatua ya kwanza si dawa. Anatega mitego ya gundi sita, usiku mmoja: nyuma ya friji, chini ya jiko, chini ya sinki, kabatini juu na chini, na mlangoni. Asubuhi anahesabu. Mtego wa friji una mende 40, wengi wao watoto. Wa sinki 11. Wa mlangoni sifuri. Watoto hawaendi mbali na kiota, kwa hiyo mtego wenye watoto wengi umeshamwambia pa kuweka dawa.

Anaivuta friji, anafyonza uchafu na maganda kwa mashine au kuvifuta kwa kitambaa chenye sabuni isiyo na harufu kali, anakausha trei. Bila chakula mende huyu anaweza kumaliza karibu mwezi mzima akiwa na maji. Bila vyote viwili hafiki wiki mbili. Halafu anaweka matone ya jeli ya milimita tatu nne, mengi na madogo, pembeni mwa nyufa: bawabani, nyuma ya droo, kwenye kona za fremu ya friji, mbali na vyombo na mikono ya watoto. Kisha anafanya lililo gumu kuliko yote, anaacha kupuliza. Ukipulizia juu ya jeli umewafukuza mende kutoka kwenye chakula ulichowatengea.

Wiki ya kwanza anaokota mizoga mingi. Wiki ya tatu wanaonekana watoto weusi wadogo, na hapo watu hukata tamaa wakarudia kopo. Hao wametoka kwenye vifuko vilivyokuwa vimebebwa siku ya jeli. Kazi inaendelea kama inavyotakiwa. Anaweka matone mapya kila yakikauka au kuliwa, na kutega tena gundi kila baada ya wiki mbili. Ikipita miezi miwili mitego ikiwa mitupu, aiache miwili kwa ulinzi.

Ila mtego wa chini ya sinki ukiendelea kunasa wakubwa wawili watatu kila wiki, bila mtoto hata mmoja, kiota hakiko kwake tena. Wanapita kwenye tundu la ukuta linalopitisha bomba kutoka kwa jirani. Tundu hilo lizibwe kwa simenti au silikoni, na jirani aombwe kutega mitego yake wiki hiyo hiyo, maana jeli ya mlango mmoja haiwafikii waliozaliwa mlango wa pili.